Barua za familia zilizohama: makelele yatoke kabla ya kutafsiri

Barua ya malalamiko ya familia zilizohama, hapa Sanga kama kwingine katika Haut-Lomami, huanza kwa Kiswahili au Kiluba na kuishia kwa Kifaransa. Katiba ya 2006 imeweka Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kimo kati ya lugha nne za taifa. Kwa hiyo anayeandika kwa herufi kubwa na alama tatu tatu za mshangao anajua sauti yake inavyosikika kwa jirani, lakini hajui itasikikaje mezani pa administrata wa teritware, baada ya kupita katika mikono ya mtafsiri.

Tuchukue barua ya mfano, iliyoandikwa kwenye simu baada ya siku ya kugawa unga:

«WAKUBWA!!! TULINGOJA KITENGE SIKU NZIMA!!! MWIZI AMEKULA UNGA WETU!!! SISI SI WATU??? LAZIMA MTUPE BASHI LEO!!!»

Jirani akisoma, anaelewa. Alikuwako, alimwona mgawaji, anajua ni nani anayesemwa. Mtafsiri hakuwako. Kwake yeye neno KITENGE lina maana mbili: ni nguo ya mama, na ni jina la mtu ambalo huku kwetu limejaa kila mtaa. Kwa herufi za kawaida, «tulingoja Kitenge» ni mtu, na «tulingoja kitenge» ni nguo. Herufi zote zikiwa kubwa, alama hiyo ndogo inapotea, na mtafsiri anabaki kubahatisha. Akibahatisha vibaya, ofisi itasoma kwamba watu waliitisha nguo.

Upande wa Kifaransa hatari ni kubwa zaidi. Mtafsiri akiona herufi kubwa anaweza kuziacha hivyo hivyo, na wengi wanaoandika herufi kubwa kwenye simu hawaweki alama juu ya É. Basi «le chef volé», yaani chifu aliyeibiwa, linakuwa LE CHEF VOLE, na hilo linasomeka pia chifu anaiba. Ni alama moja tu ya wino, lakini aliyeibiwa amegeuzwa kuwa mwizi.

Alama za mshangao zina ubaya wa namna nyingine. Kila sentensi ikiwa na tatu, mtafsiri hawezi kujua ipi ndiyo nzito. Katika barua ile ya mfano, bashi zinaitishwa kwa sababu watoto wananyeshewa usiku, lakini hilo halikuandikwa popote. Mwandishi aliamini kwamba alama zinasema kwa niaba yake.

Halafu kuna maneno makali yenyewe, na hapa ndipo kazi kubwa ilipo. «Sisi si watu?» kwa Kiswahili ni kilio, na kila mzazi anakisikia hivyo. Kikipelekwa neno kwa neno katika Kifaransa cha ofisi kinakuwa swali la kumshambulia msomaji. «Mtupe bashi» ni ombi la kawaida kinywani mwa mtu anayeongea taratibu. Kwa Kifaransa kinageuka amri kwa urahisi, na «lazima» ikitangulia, amri inabaki amri bila shaka. «Tunaomba mtupe» inafika salama.

Neno «mwizi» linahitaji kuangaliwa peke yake. Kitabu cha pili cha Kanuni ya Adhabu ya Kongo, katika kifungu cha 74, kinamwadhibu anayemsingizia mtu hadharani na kwa nia mbaya tendo maalumu linaloharibu heshima yake. Barua iliyosomwa redioni imeshakuwa hadharani. Na kusema kweli, mara nyingi aliyeandika «mwizi» hakumwona mtu akiiba. Aliona kitu kingine, na hicho alichokiona kinauma kuliko tusi. Barua ile ikisafishwa inaweza kuwa hivi:

«Sisi ni familia 14 tulioandikwa kwenye orodha. Tarehe 12 Machi tulimngoja mgawaji, bwana Kitenge, tangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni. Tulihesabu magunia 26 ya unga yakishushwa. Yaligawiwa 20. Familia zetu 14 hazikupata kitu. Nyumba tatu zina watoto wanaolala bila bashi, na mvua inawanyeshea. Tunaomba mtueleze magunia 6 yako wapi, na mtupe bashi kwa nyumba hizo tatu.»

Hakuna tusi, hakuna alama hata moja ya mshangao, na bado mkubwa akiisoma hawezi kukaa vizuri kwenye kiti chake. Magunia 26 ukiondoa 20 yanabaki 6, na hesabu hiyo haipotei katika lugha yoyote. Hasira imebaki nzima, ila sasa imekaa ndani ya tarehe, saa na idadi.

Wako watakaosema kwamba hii ni kuwafundisha wanyonge kuinamisha kichwa. Hoja hiyo si ya kutupwa. Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 27, inampa kila Mkongomani haki ya kuandikia mamlaka, peke yake au pamoja na wengine. Mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu, na hakuna anayeweza kushtakiwa kwa kuandika tu. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba haki hiyo ni ya wanaozungumza kwa upole. Lakini ofisi isiyotaka kujibu inatafuta sababu, na barua inayopiga kelele inaipa sababu bure: itasema ni matusi, na magunia hayatazungumzwa tena.

Kosa baya zaidi ni kumwachia mtafsiri kazi ya kusafisha. Mtafsiri mwema anafikisha kilichosemwa jinsi kilivyosemwa. Akianza kupunguza ukali kwa akili yake, leo ataondoa «mwizi», kesho ataondoa yale magunia 6 kwa kuogopa, na mama aliyesaini kwa kidole hatajua. Usafi ufanywe na wenye barua, kwa lugha yao, kabla karatasi haijatoka mikononi mwao. Mmoja asome kwa sauti ya kawaida, pole pole, wengine wasikilize. Panapomlazimu kupaza sauti, hapo ndipo pa kuuliza: ni jambo gani lilitokea? Liandikwe jambo hilo badala ya kelele. Baada ya tafsiri, mtu mwingine anayejua Kifaransa awarudishie kwa Kiswahili, wahakikishe familia bado ni 14 na ombi bado ni lile lile.

Kuna maneno yasiyopaswa kuguswa. Ikiwa barua inataja alichosema mtu mwingine, kwa mfano mwenye silaha aliyewaambia watu wa kijiji «mkirudi tutawachoma», maneno hayo yabaki kama yalivyotoka, ndani ya alama za kunukuu, na jina la lugha aliyoyasemea. Kuyalainisha hayo ni kumsaidia aliyetisha. Vivyo hivyo kwa ushuhuda unaotolewa mbele ya polisi au mahakama: yule mama aongee kwa ukali wake wote, na karani aandike. Ombi kwa ofisi ni karatasi nyingine.

Rasimu ya kwanza, yenye herufi zake kubwa zote, haifai kuchanwa. Iwekwe pamoja na nakala ya barua iliyopelekwa na tarehe ilipopokelewa, maana miezi mitatu ya kujibiwa inahesabiwa kwa karatasi yenye muhuri wa kupokea.