Kigali Hakuna Kipilefti

Wadau, neno letu "kipilefti" ni tamu sana, lakini ukishavuka daraja la Rusumo kuingia Rwanda linageuka kuwa neno la uongo. Sisi tulirithi upande wa kushoto wa barabara kutoka kwa Waingereza, wenzetu wakarithi wa kulia enzi za Wabelgiji. Mzunguko wa Kigali ni kipiraiti, kama kuna neno hilo!

Kila anayetaka kwenda Kigali kwa gari lake hupewa ushauri mmoja: "Wewe mfuate tu aliye mbele yako." Nimeendesha mji ule na gari la namba za Tanzania, usukani kulia, na nasema bila kumung'unya maneno: ushauri huo ni wa hatari. Kwenye foleni hata mtoto angejua akae upande gani. Balaa liko pale ambapo mbele yako hakuna mtu.

Tuanze na mzunguko. Dar ukiukaribia unatazama kulia, unawapisha walio ndani, kisha unazunguka kufuata mshale wa saa. Kigali magari yanazunguka kinyume chake, kwa hiyo walio ndani wanakujia kutoka kushoto. Tuseme barabara nne zinakutana na wewe unataka kwenda kushoto. Nyumbani hiyo ni njia ya kwanza kabisa kutokea. Kule unaingia kwa kulia, unaipita njia ya kwanza, unaipita ya pili, unatokea ya tatu huku umewasha indiketa ya kulia. Kushoto kumekuwa mbali, kulia kumekuwa karibu. Aliyekariri "kushoto ni rahisi" ataingia uso kwa uso na wenzake.

Sasa njia panda isiyo na kibao, taa wala mchoro. Hapa sheria inageuka tena: unampisha anayetoka kulia kwako. Yaani kwenye mzunguko unampisha wa kushoto, na hatua mia mbili mbele, kwenye mtaa usio na alama, unampisha wa kulia. Usidhani kwamba kwa kuwa barabara yako ni pana basi ni yako. Kama huoni kibao kinachokupa haki ya kupita, punguza mwendo na utazame kulia. Na pikipiki nazo ni vyombo vya usafiri, mpishe mwenye pikipiki kama unavyolipisha lori.

Lakini mtego mkubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni barabara ya njia moja. Kwenye barabara ya kawaida magari yanayokuja yanakukumbusha upande wako kila sekunde. Kwenye njia moja hakuna anayekuja, kwa hiyo akili inapumzika, na ikipumzika inarudi nyumbani. Ukifika mwisho wa mtaa na kukata kona kuingia barabara ya njia mbili iliyo tupu, mkono unalivuta gari upande wa kushoto wenyewe. Ukitoka kituo cha mafuta au maegesho, hasa alfajiri, mtego ni uleule. Dawa yake si kumfuata mtu. Dawa ni alama moja: usukani wetu uko kulia, kwa hiyo Kigali dereva unakaa upande wa ukingo wa barabara, na abiria wako ndiye anakaa katikati. Ukijikuta wewe ndiye uko karibu na mstari wa kati, umepotea upande. Sema kwa sauti kabla ya kuondoa gari: "Mimi ukingoni."

Alama hiyo ina faida hata kwenye maegesho. Mhudumu anayesimama kando ya barabara anafika moja kwa moja dirishani kwako. Mlipe na uchukue risiti kabla hujaondoka, maana namba yako ni ya nje na hutaki deni likusubiri mpakani. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, muulize pia mtaa unaotoka ni wa njia moja au mbili. Swali hilo la nusu dakika lina thamani kuliko ramani.

Gharama yake ni kwamba ukiwa nyuma ya lori huoni mbele, kwa sababu umekaa upande usiofaa kuchungulia. Kwenye milima ile, kama abiria wako haoni vizuri au hakuna abiria, usilipite. Baki nyuma, hata kama wenye haraka wanakupigia honi.

Leseni ya Tanzania inathibitisha kwamba unajua kuendesha upande mmoja wa dunia. Ule mwingine lazima ujifunze kabla ya Rusumo, si baada ya kugongana. Mnasemaje wandugu? Nawasilisha.