Ukikodi jina, unakodi na sheria zake

Msee, unakumbuka Januari 2022 KFC Kenya ilipokosa chipsi? Hapa Rhonda tulicheka. Waru za Molo na Mau Narok ziko hapo tu, mama wa kibanda anakaanga kila jioni, halafu jina kubwa hivyo linasema limeishiwa kwa sababu meli imechelewa. Wakenya walikasirika mtandaoni, wengine wakasema tuisusie.

Lakini shida haikuwa uhaba wa viazi Kenya. Ilikuwa mkataba. KFC ni jina la kampuni ya Marekani, Yum! Brands. Hapa kwetu, tangu 2011, maduka yamekuwa yakiendeshwa na kampuni nyingine iliyopewa ruhusa ya kulitumia. Hiyo ndiyo franchaizi: duka na mtaji ni vyako, jina na fomula ni vya mwenyewe. Kila msambazaji lazima apitishwe kwanza na wakaguzi wa ubora wa mwenye jina. Hata rafu zikiwa tupu, huwezi kukimbia sokoni ukarudi na gunia la Shangi. Na Shangi yenyewe huchipua haraka ikiwekwa stoo, kwa hivyo si rahisi kuipitisha. Baada ya kelele, KFC ilisema itatafuta viazi vya hapa.

Sasa tuseme ni wewe, na jina dogo zaidi la kuku na chipsi linakuja mtaani. Kwanza unalipa ada ya kuingia, mara moja. Kisha kila mwezi unatoa asilimia fulani. Sikiza vizuri: mara nyingi asilimia hiyo ni ya mauzo, si ya faida.

Piga hesabu nami. Unauza ya 300,000 kwa mwezi. Ukishatoa kodi ya nyumba, kuku, mafuta, stima na mishahara, unabaki na 36,000. Mkataba unasema asilimia 6 ya jina na 4 ya matangazo. Hiyo ni 30,000. Mfukoni unabaki na 6,000. Mafuta yakipanda kidogo tu mwezi ujao, umeingia hasara, lakini mwenye jina bado anachukua 30,000 zake.

Kwa hivyo jina lazima likuletee wateja ambao kibanda chako kisingepata. Kama wanaokuja ni walewale wa mtaa, unalipia bango tu.

Kabla ya kusaini, uliza matatu. Malighafi lazima ununue kwao, na kwa bei gani? Wanaweza kufungua duka lingine Kaptembwo, hapo jirani? Mkataba ukiisha, unaruhusiwa kuendelea kuuza chipsi palepale kwa jina lako? Kenya haina sheria maalum ya franchaizi, kwa hivyo karatasi uliyosaini ndiyo itakayokutetea au kukumaliza. Isome yote, buda, hata ile ya maandishi madogo.