Mchele wa akiba usiugawe kwa mawakala, uache Dakawa

Leo tuongelee hela inayolala stoo.

Sisi tunaouza mchele wa Dakawa mtandaoni tuna kawaida moja. Ukipata wakala Morogoro mjini, Gairo, Dodoma na Dar, kila mmoja unampa mzigo wa kuuza, halafu unamuongezea wa ziada asije akaishiwa. Mimi naona huo wa ziada haufai kukaa kwa wakala. Ukae sehemu moja.

Tupige hesabu. Tuseme kila wakala anauza mifuko 20 ya kilo 5 kwa wiki. Wiki hazifanani, kwa hiyo unamuachia 10 ya akiba. Mawakala 4, akiba mifuko 40.

Sasa wiki ambayo Dodoma oda zimezidi 30, Gairo anaweza kuuza 14 tu. Kilichozidi huku kinafidiwa na kilichopungua kule, ni nadra wote wanne wapande pamoja. Akiba ikiwa Dakawa inamfuata yeyote aliyepanda. Ikigawanywa, ya Gairo inashika vumbi huku wa Dodoma anamwambia mteja "umeisha". Ukiona hali hiyo, ujue mzigo upo ila umekaa pasipo oda.

Kanuni yake ni hii: chukua akiba ya wakala mmoja, zidisha kwa kipeuo cha pili cha idadi ya mawakala. Kipeuo cha pili cha 4 ni 2, kwa hiyo 10 × 2 = 20. Mifuko 20 inatoa usalama uleule wa 40. Kama mfuko unakugharimu 12,000, umerudisha 240,000 mfukoni.

Ila msinielewe vibaya, kinachopungua ni akiba tu. Ile 20 ya kuuza kwa wiki kila wakala bado anaihitaji.

Pia kanuni inataka mauzo ya mawakala yasifuatane. Wiki ya Idi au Krismasi wote wanapanda kwa pamoja, hakuna wa kumfidia mwenzake, na hapo unarudi kwenye 40. Kupima ni rahisi: andika daftarini mauzo ya kila wakala kwa wiki nane. Ukikuta wanapanda na kushuka wiki zilezile, kanuni haikusaidii. Na kama wakala mmoja anauza mara tano ya wengine, hesabu hiyo fupi haitoki sawa.

La mwisho ni usafiri. Dakawa ipo barabara ya Morogoro–Dodoma, mabasi yanapita, kwa hiyo mzigo unaweza kumfikia wakala haraka. Lakini jumlisha nauli za vifurushi vya mwezi mzima. Zikizidi faida unayoipata kwa kuizungusha ile 240,000, bora akiba ibaki kwa wakala. Zikiwa chini, mwachie mzigo wa wiki tu, ya akiba ikae kwako.

Wewe akiba yako unaiweka wapi? Tuambie hapo chini.