Salamu za Nchiru
Hapa Nchiru, ambapo nyumba ya baraza la wazee wa Njuri Ncheke na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru vimejaaliwa ujirani, kijana amwambiaye mzee "Niaje!" huku akipita mbio hakusudii kumtusi, bali amemhesabu kuwa wa rika lake, na kwa Wameru, ambao tangu azali hupanga heshima kwa marika, hilo ndilo limuumizalo mzee. Sheng ina adabu yake baina ya wenzi, wala sioni sababu ya kuiharimisha. Ila mdogo na atangulize "Muga" au "Shikamoo", asimame hata ajibiwe; naye mzee, asikiapo "poa", asinune, bali amwulize kwa bashasha habari za masomo na wazazi. Vijana, anzeni nyinyi.