Redio ya Mjomba na Bei ya Dola

Mwaka 1985 mjomba wangu, aliyekuwa akifanya kazi Maskati, alitaka kumsaidia mama kuezeka nyumba yetu ya Tanga. Hakutuma fedha. Alimpa msafiri redio ya kaseti aliyoinunua kwa kiasi cha dola 50 hivi. Mama akaiuza shilingi 5,000, akaenda kutafuta mabati. Kama mjomba angepitisha dola zile benki, tungepokea shilingi 850 tu, kwa maana kiwango cha serikali kilikuwa shilingi 17 kwa dola. Gawanya 5,000 kwa 50: redio ile ilimpa mama shilingi 100 kwa kila dola. Hiyo ndiyo bei ambayo dola ilikuwa nayo nyumbani kwetu, haidhuru tangazo la serikali lilisemaje.

Nimeanza na redio kwa sababu toleo hili linahusu udhibiti wa fedha za kigeni, na mjadala huu kwa kawaida huanzia mahali pasipofaa. Huanza na swali la kama serikali ina haki ya kuzuia dola zisitoke. Haki hiyo siibishii. Mwishoni mwa miaka ya sabini bei ya kahawa ilianguka, vita ya Uganda ikaja, na mafuta yakapanda. Hazina ya dola ya Tanzania ilikauka. Serikali yoyote yenye dola chache ingetaka ziende kwenye dawa na vipuri kabla ya manukato. Swali ninalotaka tuliulize ni jingine: dola inapopangiwa bei ya 17 huku watu wakiwa tayari kutoa 100, zile 83 zinazobaki zinakwenda kwa nani?

Haziendi kwa mnunuzi wa dukani. Tuseme mfanyabiashara amepata leseni ya uagizaji na amegawiwa dola 1,000 kwa kiwango rasmi. Ametoa shilingi 17,000. Mzigo unapofika anajua kwamba bidhaa ile ile iliyopita njia za panya inauzwa kwa hesabu ya shilingi 100 kwa dola, na anajua kwamba wanunuzi ni wengi kuliko mzigo wake. Kwa nini auze kwa bei ya chini? Tume ya Bei ilikuwepo na orodha zake, lakini bidhaa iliyobandikwa bei ya chini ilitoweka rafuni na kuonekana mlango wa nyuma. Wenye umri wangu wanalikumbuka jina lake: bidhaa adimu. Basi mteja alilipa bei ya mtaani, na shilingi 83,000 zikabaki mikononi mwa aliyepata leseni na wale waliomrahisishia kuipata.

Upande wa pili wa pengo hilo walikuwepo walioleta dola. Mkulima wa kahawa wa Kagera aliuza kwa shirika la serikali, na shirika likalipwa dola zilizohesabiwa kwa 17. Ndugu aliyetuma kupitia benki alihesabiwa vivyo hivyo. Katika kila shilingi 100 ambazo dola yake ingemletea mtaani, alipewa 17. Hakuna bunge lililowahi kupitisha kodi ya asilimia 83 kwa fedha anayotumiwa mama mjane na mwanawe, lakini ilitozwa, na haikuingia hata katika mfuko wa serikali.

Watu waliona, na waliacha njia rasmi. Mwenye leseni alimwomba muuzaji wa ng'ambo aandike ankara ya dola 10,000 kwa mzigo wa 8,000, na zile 2,000 zikabaki katika akaunti yake nje. Karafuu za Pemba zilivuka usiku kwa mashua kwenda pwani ya Kenya. Aliyetaka kumsomesha mtoto ng'ambo alimlipa mtu shilingi mjini Dar es Salaam, na mwenzake mtu huyo akatoa pauni London, bila noti hata moja kuvuka mpaka. Kila mlango uliofungwa ulipunguza dola zinazofika benki, na upungufu huo ukawa sababu ya kufunga mlango mwingine. Mwaka 1983 serikali ilipowasaka wahujumu uchumi, bidhaa zilifichwa zaidi, mpaka nyingine zikatupwa na wenyewe kwa hofu.

Kisha ukaja mwaka 1984, ambao nadhani haujapewa nafasi unayostahili katika historia yetu ya uchumi. Serikali iliruhusu mtu kuagiza bidhaa kwa fedha zake mwenyewe za kigeni bila kuulizwa alizipata wapi. Zile dola za ankara zilizovimbishwa, za karafuu na za ndugu walioko nje zikaanza kurudi zikiwa pikapu, sabuni na vitenge. Maduka yakajaa. Bidhaa hizo ziliuzwa kwa hesabu ya mtaani, waziwazi sasa, maana dola iliyozileta haikutoka Benki Kuu.

Lililotokea mwaka 1986 liliwashangaza wengi. Kwa miaka mingi hofu kuu ya kushusha thamani ya shilingi ilikuwa kwamba bei zingelipuka na mnyonge angeumia. Edwin Mtei, gavana wa kwanza wa Benki Kuu, alijiuzulu uwaziri wa fedha mwaka 1979 katika mvutano na Mwalimu Nyerere juu ya masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, likiwemo la kushusha thamani ya shilingi. Juni 1986, chini ya Rais Mwinyi, dola ilipandishwa hadi shilingi 40, na mwishoni mwa 1989 ilikuwa karibu 190. Mfumuko wa bei ulikuwa kama asilimia 30 kwa mwaka kabla ya hatua hiyo, na ulibaki hapo hapo baada yake. Ulikuwa mkali, lakini haukulipuka. Bei za dukani zilikuwa zimekwisha kupanda zamani, kwa kufuata dola ya mtaani. Kilichobadilika ni nani aliyepata tofauti.

Lakini niwatahadharishe wanaosema bei ya mtaani ndiyo bei ya kweli. Ndani yake mna gharama ya hatari: jela, kutapeliwa, kunyang'anywa mzigo. Mna pia uhaba, kwa kuwa soko lile ni jembamba na dola nyingine zimefungiwa kwingine. Njia rasmi ikifunguliwa, bei hukutana mahali fulani kati ya mbili hizo. Tanzania ilipopitisha sheria ya fedha za kigeni mwaka 1992 na maduka ya kubadilisha fedha yakafunguliwa, pengo lilisinyaa haraka kwa sababu mtu yeyote aliweza kuingia dukani na kutoka na dola.

Sharti hilo la mwisho ndilo lililokosekana kwa jirani zetu. Burundi ilifunga maduka ya kubadilisha fedha mwaka 2020, ikayaruhusu tena 2022, na Mei 2023 ikapandisha bei rasmi ya dola kwa zaidi ya theluthi kwa mkupuo mmoja. Kiwango kipya kilisogelea cha mtaani, lakini benki hazikuwa na dola za kuuza kwa kiwango hicho. Pengo likafunguka upya, na baadaye dola ya mtaani ikapita mara mbili ya ile ya rasmi, huku foleni za petroli zikirefuka. Binti wa mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, aliyeko Ghuba leo anapiga hesabu ile ile aliyopiga mjomba wangu.

Waandishi wa toleo hili niliwaomba kila mmoja aende dirishani, Bujumbura, Addis Ababa na Lagos, aombe kununua dola 100 kwa kiwango kilichobandikwa ukutani, aandike alichojibiwa, kisha amtafute aliyezipata juzi na bidhaa aliyozigeuza.