"Umekosea" Mbele ya Wasomaji 58

Baruapepe iliyotumwa kwa watu wengi humwekea msomaji vitufe viwili vinavyokaa karibu sana, "Reply" na "Reply all". Kwa fundi wa mitambo, tofauti yake ni idadi ya anwani tu. Kwa mwalimu wa lugha, tofauti hiyo ni kubwa kuliko anavyodhani fundi, kwa sababu Kiswahili hubeba ndani ya kitenzi habari ya nani anasema na nani. Sentensi iliyoandikwa kwa ajili ya mtu mmoja ikisomwa na umati hubadilika maana, hata kama hakuna herufi iliyoguswa.

Naomba tufuatane katika mfano mmoja, nilioutunga kutokana na barua za aina hii ambazo walimu hupelekeana kila muhula. Kikundi cha walimu wa Kiswahili wa Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo kimefanya mafunzo ya siku mbili. Washiriki 58 wamechanga shilingi 40,000 za Uganda kila mmoja, jumla 2,320,000. Baada ya mafunzo, mhazini anawaandikia wote: matumizi ni 1,870,000, salio ni 350,000, na orodha ya matumizi imo katika kiambatisho. Kwenye mstari wa "Cc" kuna anwani mbili zaidi, ya ofisa wa chuo kilichotoa ukumbi na ya mfadhili aliyenunua vitabu.

Mwalimu mmoja anatoa 1,870,000 katika 2,320,000 na kupata 450,000. Laki moja haionekani. Yeye na mhazini ni marafiki wa miaka mingi, wanataniana. Anaandika: "Dada, mbona umekosea hesabu? Laki yetu umeila na nani?"

Ikienda kwa mhazini peke yake, barua hiyo ni nzuri. Ni fupi, inaonyesha kosa, na utani wake unamwambia mpokeaji kwamba mwandishi hamshuku. Mhazini atacheka, atafungua jedwali lake, atajibu. Ikienda kwa wote, kila neno lake linageuka.

Tuanze na kitenzi "kula". Lugha yetu imekipa kazi mbili, kula chakula na kula mali ya watu. Kati ya marafiki wawili, maana ya pili ni mchezo, kwa sababu wote wawili wanajua kwamba haikukusudiwa. Wasomaji 58 hawana ujuzi huo. Mwalimu wa Bujumbura aliyekutana na mhazini mara moja tu, wakati wa kusaini mahudhurio, anasoma kwamba mwanachama mwenye kumfahamu vizuri anamuuliza hadharani kuhusu wizi. Utani ni mkataba wa watu wawili. Asiyekuwemo katika mkataba husikia tusi, na si kosa lake kusikia hivyo.

Sasa kiambishi "u-" katika "umekosea". Katika barua ya faragha hakina uzito wowote, maana aliyeko ni mmoja, na ni lazima aitwe kwa nafsi ya pili umoja. Katika barua ya wote, kiambishi hichohicho ni kidole kinachomnyooshea mtu mmoja huku wengine wakigeuzwa watazamaji. Barua imeelekezwa kwa wote lakini sarufi yake inamsemesha mmoja, na pengo hilo ndilo linaloleta aibu. Wako wanaojaribu kulikwepa kwa kuandika "mmekosea" kwa nia ya heshima. Matokeo yake ni mabaya zaidi, kwa kuwa sasa kamati nzima imeingizwa katika kosa, na hakuna ajuaye kamati hiyo ni akina nani.

Wengi hufundishwa kwamba dawa ni kauli ya kutendwa. Nakubali kwa shingo upande. "Hesabu imekosewa" kweli ni pole kuliko "umekosea". Lakini jaribu "laki moja imechukuliwa". Mtendaji hakutajwa, na kwa hiyo msomaji anamtafuta mwenyewe, naye atampata haraka kwa kuwa fedha zilikuwa mikononi mwa mtu mmoja. Kuficha mtendaji hupunguza makali pale kitenzi chenyewe kisipokuwa cha hatia, kama "kukosewa" au "kusahauliwa". Kitenzi kikiwa cha hatia, kauli ya kutendwa huwa fumbo, na fumbo mbele ya umati huumiza kuliko tuhuma ya wazi. Njia iliyo salama ni kukipa kiti cha kiima kile kinachojadiliwa: salio, jumla, tofauti, tarehe. "Kuna tofauti ya 100,000 kati ya jumla na salio." Hapo hakuna mtu katika sentensi, na hakuna nafasi tupu inayomngoja mtu.

Neno "mbona" nalo nalitaja kwa kupita tu. Kwa mmoja ni mshangao. Kwa wengi ni lawama iliyokwisha kuamuliwa.

Msomaji anaweza kuniuliza: je, huku si kuwalea viongozi? Fedha ni za wanachama, kwa nini mwanachama aulize kwa kunong'ona? Nakubaliana naye kabisa kuhusu haki ya kuuliza, na ndiyo sababu sishauri kwamba kila kosa lisahihishwe faraghani. Kama jibu la laki moja likibaki kati ya watu wawili, wanachama wengine wataendelea kushika barua yenye hesabu isiyolingana, na baadhi yao wameshaiona tofauti hiyo na kunyamaza. Swali la fedha za wote lina haki ya kufika kwa wote. Kinachotakiwa ni liandikwe namna ambayo litajibiwa. Mhazini aliyeulizwa "umeila na nani" mbele ya mfadhili hatajibu kuhusu salio. Atajitetea kuhusu heshima yake, marafiki zake wataingia kumtetea, na kufikia barua ya kumi na mbili hakuna atakayekumbuka kwamba swali lilikuwa la kutoa na kujumlisha.

Kabla ya kuandika, basi, mwalimu wetu afanye mambo mawili ambayo mwandishi wa faragha anaweza kuyaacha. Afungue kiambatisho na kukisoma hadi mwisho, kwa sababu swali ambalo jibu lake lilikuwa ukurasa wa pili humwaibisha muulizaji mbele ya watu walewale. Na asome mistari ya "To" na "Cc", ajue anazungumza ukumbi gani. Ofisa wa chuo na mfadhili si wanachama. Hawajui historia ya kikundi, na barua moja inaweza kuwa ndiyo yote watakayoijua. Akigundua kwamba yeye mwenyewe aliwekwa kwenye "Bcc", yaani alipelekewa nakala kwa siri, asibofye "Reply all" hata kidogo: jibu lake litawafikia walioonekana katika orodha, nao watajua kwamba barua yao ilikuwa na msomaji aliyefichwa.

Tuseme amesoma kiambatisho, ameona orodha ya ukurasa wa kwanza ikijumlisha 1,870,000, na kwenye ukurasa wa pili kuna malipo ya ukumbi ambayo hayana maelezo wala hayakuingia katika jumla. Sasa anaweza kuandika hivi:

"Ndugu wanachama, nimesoma hesabu ya mafunzo iliyotumwa jana, na namshukuru mhazini kwa kuileta mapema. Makusanyo ni 2,320,000 na matumizi yaliyojumlishwa ni 1,870,000. Kwa hiyo salio lingekuwa 450,000, ilhali barua inaonyesha 350,000. Ukurasa wa pili wa kiambatisho una malipo ya ukumbi ya 100,000 ambayo huenda ndiyo tofauti yenyewe. Naomba mhazini atuthibitishie sote kabla ya Ijumaa, siku tutakayopitisha hesabu."

Barua hii si laini. Ina tarakimu tano, inataja tofauti, inadai jibu na kuweka siku. Haina neno hata moja la kumkinga mhazini endapo fedha hazipo kweli. Lakini tazama kwamba mhazini anatajwa kwa nafsi ya tatu, "atuthibitishie", kama msemaji wa mkutano anavyozungumza kupitia kwa mwenyekiti. Na neno "sote" linaomba jibu lirudi palepale swali lilipoulizwa. Shukrani ni moja, tena ya jambo lililotendeka. Angeandika "mhazini wetu mpendwa, hodari na mwaminifu", wasomaji wangesikia kejeli, kwa kuwa sifa zinazozidi kabla ya swali la fedha husomwa kinyume.

Jibu la mhazini sasa linaweza kuwa la mistari miwili: laki moja ni malipo ya ukumbi, yalisahauliwa katika jumla, matumizi sahihi ni 1,970,000 na salio ni 350,000 kama lilivyoandikwa. Hesabu imefungwa, na hakuna aliyepoteza jina.

Baada ya hapo wanachama wapumzike. "Asante" na "nimeiona" ziende kwa mhazini peke yake. Novemba 2016 barua ya majaribio iliwafikia kwa bahati mbaya wafanyakazi zaidi ya laki nane wa Huduma ya Taifa ya Afya ya Uingereza. Baadhi yao wakawajibu wote wakiomba waondolewe katika orodha, wengine wakawajibu wote wakiwaomba wa kwanza waache kujibu wote, na mfumo mzima ukazorota kwa saa kadhaa. Kikundi cha walimu 58 hakiwezi kuangusha mtambo, lakini kinaweza kuifukia barua ya masahihisho chini ya shukrani thelathini, na aliyechelewa kufungua asiione.

Na kama barua ya "umeila na nani" imekwisha kwenda? Gmail huruhusu kuirudisha ndani ya sekunde chache, zisizozidi 30, kulingana na mtumiaji alivyopanga. Baada ya hapo imekwenda. Watu wema wengi hufanya kosa la pili hapa: humpigia mhazini simu, humwomba radhi, hucheka naye, na kuona mambo yamekwisha. Kati ya wawili hao yamekwisha. Ofisa wa chuo, mfadhili na mwalimu wa Bujumbura bado wana tuhuma katika visanduku vyao, nao hawakuisikia simu. Radhi hiyo iandikwe kwa anwani zilezile, katika mfululizo uleule, sentensi mbili zinatosha: kwamba swali la laki moja limejibiwa ukurasa wa pili, na kwamba maneno ya jana yalikuwa utani usiostahili kuandikwa pale.