Sehemu ya 4: Karatasi ya sista wetu mkuu

Leo kidogo nina hasira.

Kazini kwetu tuna mkataba wa hali bora, ule ambao chama cha wafanyakazi kinasaini na mwajiri. Una kurasa zaidi ya thelathini. Msimamizi wa wodi anayepanga zamu hana muda wa kuzisoma, kwa hiyo mtu alimfupishia kwenye karatasi moja: jedwali la ngazi za mishahara, na chini yake "saa 45 kwa wiki". Basi.

Mwenzangu mmoja alirudi kutoka likizo ya uzazi, mtoto ana miezi mitatu. Sheria ya kazi ya Tanzania inampa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha, ndani ya saa za kazi. Msimamizi hakuwa mtu mbaya, ila karatasi yake haikusema hivyo. Akawa anamwongezea saa mbili jioni "kufidia". Jamani, matiti yamejaa na mtoto analia nyumbani!

Mimi naona muhtasari wa msimamizi usifuate mpangilio wa vifungu. Ufuate maswali anayokutana nayo akiwa na kalamu juu ya ratiba. Huyu ananyonyesha? Huyu amebakiza miezi miwili kujifungua? Basi asipangwe usiku, yaani kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Aliyetoka zamu amepumzika saa 12 mfululizo kabla ya kurudi?

Na jedwali la mishahara peke yake halimsaidii, maana yeye halipi mshahara. Anachofanya ni kusaini fomu ya saa za ziada, na hapo ndipo pesa za mama zinapotea. Tuseme ngazi yako ina mshahara wa msingi wa 585,000. Saa 45 za wiki zikizidishwa kwa wiki 4.333 za mwezi ni kama saa 195, kwa hiyo saa moja ni 3,000. Ya ziada inalipwa mara moja na nusu, 4,500. Mwenzangu alifanya saa 12 za ziada, fomu ikaandikwa kama saa za kawaida, akapata 36,000 badala ya 54,000. Hiyo 18,000 ni unga wa uji na nepi, si hela ya kuchezea.

Kingine, sheria ni sakafu tu. Posho ya usiku kisheria ni asilimia 5, wetu umeweka 10. Karatasi ikinakili sheria tu, mnapunjwa nusu bila mtu kujua.

Wiki iliyopita nilikaa na mwakilishi wa chama tukaiandika upya, upande mmoja tu. Mstari wa kwanza ni kunyonyesha, wa pili usiku kwa wajawazito, kisha mfano wa hesabu ya saa za ziada kwa kila ngazi. Sista mkuu ameibandika ndani ya mlango wa kabati la ratiba. Mwenzangu sasa anatoka saa 8 mchana.